Makala ya Mafundi wa Matondoni Yahama Jarida: Kutoka Maneno 8,310 hadi 5,700

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfano, lakini kila kikwazo kilichomo ni cha kawaida kwa anayeandika makala za isimu kwa Kiswahili. Waandishi ni wawili. Wa kwanza ni mwalimu wa sekondari aliyeko Langoni, Lamu; wa pili ni mhadhiri anayeishi Malindi. Wamekusanya istilahi za uundaji wa vyombo kutoka kwa mafundi wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachojulikana kwa kazi hiyo: mkuku, taruma, omo, tezi, foromali, kalafati, keekee na nyinginezo, na namna mafundi wanavyozipanga kwa hatua za kazi. Jarida la kwanza limeikataa makala. Jarida la pili linaonekana kufaa zaidi, ila masharti yake ni mengine kabisa.

Jarida la kwanza lilikubali hadi maneno 9,000, marejeleo kwa tanbihi chini ya ukurasa, na halikuwa na kiolezo. Jarida la pili linataka maneno yasiyozidi 6,000, yakihesabiwa marejeleo, tanbihi na viambatisho; ikisiri mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, zisizozidi maneno 200 kila moja na zisizohesabiwa ndani ya 6,000; maneno makuu matano; marejeleo kwa mtindo wa APA, toleo la 7; kichwa kisichozidi maneno 15; na makala yote imiminwe kwenye kiolezo cha Word. Tathmini ni fiche pande zote mbili, yaani mtathmini hamjui mwandishi wala mwandishi hamjui mtathmini.

Wengi wakifika hapa hufungua kiolezo na kuanza kubandika. Hiyo ndiyo njia ndefu kuliko zote. Kiolezo ni kazi ya mwisho. Ukianza nacho, utapanga vizuri aya ambazo kesho utazifuta, na kila ukihamisha mfano au jedwali, mpangilio unavurugika upya.

Barua ya kukataliwa kwanza

Kabla ya chochote, barua ilisomwa ili kujua imesema nini hasa. Iko barua ya "imekataliwa", na iko ya "imekataliwa, ila waweza kuirekebisha na kuileta tena". Ya pili haikufungi, lakini inafaa kumwandikia mhariri kwamba unaiondoa makala kabla ya kuipeleka kwingine, asije akadhani bado iko mikononi mwake. Barua ya kisa hiki ilikuwa ya aina ya kwanza, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi.

Watathmini wawili walitoa maoni. Wa kwanza alisema mapitio ya maandiko yanaorodhesha tu nani alisema nini na hayaonyeshi pengo. Wa pili alisema makala inazungumzia "Kiamu", lahaja ya Lamu, ilhali data imetoka kwa mafundi wa kijiji kimoja, na haielezi walichaguliwaje wala wana umri gani.

Ipo fikra kwamba jarida jipya ni watu wapya, basi maoni ya zamani yatupwe. Katika isimu ya lahaja za Kiswahili watathmini si wengi hivyo. Mtu yuleyule anaweza kualikwa na jarida la pili, na akikuta makala ile ile neno kwa neno, ataandika hivyo kwa mhariri kwa sentensi moja na shughuli itakuwa imekwisha. Hata asipoalikwa yeye, maoni ya wa pili yalikuwa ya haki. Kichwa kilichosema "Istilahi za Uundaji wa Majahazi katika Kiamu" kilibadilishwa kuwa "Istilahi za Uundaji wa Majahazi miongoni mwa Mafundi wa Matondoni". Kwenye sehemu ya mbinu yaliongezwa maneno 160 yanayoeleza mafundi walipatikanaje, umri wao, na istilahi ilikubaliwa na wangapi kabla ya kuingizwa kwenye data.

Marekebisho haya ya maudhui yafanywe kabla ya kupunguza maneno, kwa sababu yanaongeza. Ukipunguza hadi 6,000 kamili kisha ukakumbuka kuongeza 160, utaanza kunyofoa vitu vilivyokwisha kukaa sawa.

Kuhesabu kile kinachohesabiwa

Waandishi waliamini makala yao ina maneno 7,640, kwa sababu ndiyo namba iliyoonekana chini ya ukurasa wa Word. Namba hiyo ilikuwa imeacha tanbihi. Ukifungua `Review`, halafu `Word Count`, utaona kisanduku kilichoandikwa `Include textboxes, footnotes and endnotes`. Kilipotiwa alama, namba ikapanda hadi 8,600. Tofauti ya maneno 960 ndiyo urefu wa tanbihi zao 48. Kwa upande mwingine, ikisiri ya maneno 290 haihesabiwi na jarida la pili, basi mzigo halisi ni 8,310.

Ukiteua sehemu moja ya makala, Word hukuonyesha idadi ya sehemu hiyo pekee. Kwa njia hiyo kila sehemu ilipimwa, kisha ikapewa kiwango chake kipya:

| Sehemu | Zamani | Sasa |
|---|---|---|
| Utangulizi | 1,000 | 600 |
| Mapitio na nadharia | 1,650 | 750 |
| Mbinu | 600 | 550 |
| Data na uchambuzi | 2,900 | 2,650 |
| Hitimisho | 500 | 350 |
| Tanbihi | 960 | 150 |
| Marejeleo | 700 | 650 |
| Jumla | 8,310 | 5,700 |

Lengo ni 5,700 badala ya 6,000 kwa sababu watathmini wa jarida la pili nao watadai maelezo, na karibu kila wanachodai ni cha kuongeza. Maneno 300 ni akiba ya safari hiyo.

Tazama pia mahali makato yalipoangukia. Data na uchambuzi, ambayo ndiyo makala yenyewe, imepoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Mapitio na tanbihi ndizo zilizobeba karibu theluthi mbili ya makato yote. Anayepunguza kila sehemu kwa asilimia sawa huishia na makala iliyokonda kila mahali na isiyo na nguvu popote.

Tanbihi: maneno mengi yamejificha hapa

Kati ya tanbihi 48, tanbihi 31 zilikuwa za kutaja chanzo tu. Kila moja ilibeba jina, kichwa cha kitabu, mji, mchapishaji, mwaka na ukurasa, kwa wastani wa maneno 20. Katika APA kazi hiyo hufanywa na mabano yenye jina, mwaka na ukurasa, ambayo Word huyahesabu kama maneno manne. Maneno 620 yakawa 124, na hoja hata moja haijaguswa. Kwa hiyo mtindo wa marejeleo ubadilishwe mapema, kabla ya kuanza kulilia aya zako. Nusu elfu ya maneno inapatikana hapo bila maumivu.

Lakini pana mtego. Marejeleo ya makala yalikuwa yamewekwa kwa Zotero, programu ya kusimamia marejeleo, ambayo huweza kubadilisha mtindo wote kwa hatua chache: kwenye Word fungua kichupo cha Zotero, bofya `Document Preferences`, chagua mtindo mpya. Hili hufanyika tu ikiwa marejeleo bado "yako hai", yaani Word inayatambua kama sehemu zinazotawaliwa na Zotero. Waandishi wengi, kabla ya kutuma makala kwa jarida la kwanza, hubofya `Unlink Citations` ili faili iwe nyepesi. Baada ya hapo marejeleo huwa maandishi ya kawaida, na hakuna programu itakayoyabadilisha. Kujua hali ya faili yako, bonyeza Alt na F9 kwa pamoja. Ukiona maandishi yanayoanza na `ADDIN ZOTERO_ITEM CSL_CITATION`, yako hai. Bonyeza tena Alt na F9 kurudisha sura ya kawaida. Usipoyaona, rudi ukatafute nakala ya kabla ya kutuma. Katika kisa hiki nakala hiyo ilikuwapo kwenye kompyuta ya Malindi, na marekebisho yote yakaanzia hapo badala ya kuanzia kwenye faili iliyotumwa.

Kitu cha kufanywa kabla hata ya kubadili mtindo ni kutafuta kila `Ibid.` na kila "kama hapo juu" iliyochapwa kwa mkono. Zotero hushughulikia zile ilizotengeneza yenyewe. Ulizochapa mwenyewe haizijui. Maneno haya huelekeza kwenye tanbihi iliyotangulia, kwa hiyo ukifuta au ukihamisha aya moja tu, yanaanza kuelekeza kwa mtu mwingine bila dalili yoyote. Ujumbe uliotoka Malindi kwenda Lamu ulikuwa mfupi: "Mwalimu, hii Ibid. ya tanbihi ya 27 inamrejelea nani? Ile ya 26 nimeshaifuta." Jibu lilipatikana kwa kufungua faili ya zamani. Andika jina kamili mahali pa kila moja wakati mpangilio bado ni ule wa awali, ndipo uanze kukata.

Baada ya kubadili mtindo, kagua mambo mawili. Alama ya tanbihi kwa kawaida hukaa baada ya nukta, ilhali mabano ya APA hutakiwa kabla ya nukta. Kwa hiyo pitia sentensi moja moja na kuhamisha nukta. Pili, tanbihi uliyoifungua kwa mkono na kuchanganya chanzo na maelezo hubaki tanbihi. Kati ya 17 zilizobaki hapa, sita zilikuwa soga tu, zikafutwa. Nyingine sita zilifupishwa zikaingia ndani ya matini. Tano zilibaki, kwa jumla maneno 150, kwa sababu zinaeleza tofauti za matamshi ambazo zingemkatisha msomaji katikati ya uchambuzi.

Jarida hili, kama majarida mengi ya Kiswahili, linataka mabano yasomeke "uk.", "na", "na wenzake". Mtindo wa APA ulio ndani ya Zotero utakupa `p.`, `&` na `et al.`. Kubadilisha kwa mkono kila mara ni kazi bure, maana ukiburudisha tu marejeleo, Zotero hurudisha ya kwake. Njia safi ni kunakili faili ya mtindo, kubadilisha `<title>` na `<id>` zake ili sasisho lisiifute, kisha kuongeza haya baada ya sehemu ya `<info>`:

```
<locale>
  <terms>
    <term name="et-al">na wenzake</term>
    <term name="and">na</term>
    <term name="page" form="short">
      <single>uk.</single>
      <multiple>uk.</multiple>
    </term>
  </terms>
</locale>
```

Hiyo peke yake haiondoi `&`. Ndani ya faili hiyo hiyo tafuta `and="symbol"` na uweke `and="text"` kila mahali. Asiyependa kugusa faili za namna hii anaweza kungoja mwisho kabisa, akatengeneza nakala, akayaua marejeleo kwenye nakala hiyo na kutumia kitafutio cha Word. Inakubalika, mradi nakala iliyo hai imehifadhiwa.

Majina ya watu wa mwambao yanahitaji jicho la mtu. Mtu mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, huingizwa kwenye maktaba moja kwa jina la mwisho na kwingine kwa la kwanza, na APA ikipanga orodha kwa alfabeti, mtu mmoja anatokea mara mbili kana kwamba ni wawili. Kwa Ahmed Sheikh Nabhany, "Sheikh" liko katikati ya jina, na ukiliingiza mahali pasipo pake unaweza kujikuta umemweka chini ya S. Pitia orodha yote ya marejeleo mara moja kwa macho, ukiangalia majina tu, usisome kitu kingine.

Kukata mapitio

Hapa ndipo mtathmini wa kwanza alipolalamika, na ndipo maneno 900 yalipotakiwa kutoka. Makato yalikuwa dawa ya malalamiko. Aya ya zamani, ikiondolewa marejeleo yake, ilisomeka hivi:

"Wataalamu mbalimbali wamewahi kuandika kuhusu suala hili la istilahi za ubaharia na uundaji wa vyombo katika mwambao wa Afrika Mashariki. Wa kwanza anaeleza kwamba istilahi nyingi zina asili ya Kiarabu. Naye wa pili anaeleza kwamba zipo pia istilahi zenye asili ya Kibantu. Aidha, wa tatu anaeleza kwamba baadhi ya istilahi hizo zina asili ya Kihindi na Kireno."

Ni maneno 57. Ikawa:

"Tafiti zilizopo zimechunguza asili ya istilahi hizi, ya Kibantu, Kiarabu, Kihindi na Kireno, lakini hazijaonyesha jinsi mafundi wanavyozipanga kazini."

Maneno 19. Muundo wa "fulani anaeleza kwamba" umeondoka, waandishi watatu wamewekwa chini ya hoja moja, na nusu ya pili ya sentensi imetaja pengo ambalo aya ya zamani haikuwahi kulitaja. Wingi wa maneno katika mapitio ya makala zetu hutokana na urithi wa tasnifu, ambako mwanafunzi hutakiwa kuthibitisha kwamba amesoma. Mhariri wa jarida hahitaji uthibitisho huo. Kipimo kilichotumika kwa kila aya kilikuwa kimoja: je, ikiondoka, kuna kitu katika uchambuzi kitakosa msingi? Maelezo ya historia ya nadharia, mwasisi wake na waliomfuata, yaliondoka yote. Mihimili miwili inayotumika kweli katika uchambuzi ilibaki.

Utangulizi ulipoteza aya za jiografia na historia ya Lamu. Kutoka kwenye mbinu yalitoka maneno 210 ya namna hiyo hiyo, yakaingia yale 160 mapya. Hakuna kanuni inayosema kila makala kuhusu Lamu ianzie Mji Mkongwe na mwaka 2001 ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kwenye data palikuwa na mifano 36 ya sentensi, kila mmoja ukiwa na mistari mitatu: Kiamu, uchanganuzi wa vipashio, na Kiswahili sanifu. Mfano mmoja ulichukua wastani wa maneno 22. Mifano 14 ilikuwa ikithibitisha jambo ambalo mfano uliotangulia umekwisha kulithibitisha, ikatolewa, maneno 308. Sehemu ya nafasi hiyo ililiwa na marejeleo yaliyohama kutoka kwenye tanbihi kuja ndani ya matini.

Orodha kamili ya istilahi ilikuwa kiambatisho katika mpango wa awali, lakini jarida hili linahesabu viambatisho. Iliwekwa kwenye OSF, hazina ya mtandaoni ambayo inaruhusu kutengeneza kiungo cha kutazama tu kisichoonyesha majina ya wachangiaji. Kiungo hicho ndicho kinachoingia kwenye makala wakati wa tathmini. Iliwekwa orodha ya istilahi peke yake. Sauti za mafundi hazikupandishwa, kwa kuwa ridhaa waliyotoa ilikuwa ya kurekodiwa kwa utafiti, haikuwa ya kusikilizwa na kila mtu.

Jambo moja huvunjika kimyakimya katika hatua hii. Kifupisho hufafanuliwa pale kinapotokea mara ya kwanza. Ukifuta aya hiyo, kifupisho kinabaki mbele bila maelezo. Vivyo hivyo "mfano wa (9) hapo juu": baada ya kutoa mifano 14, mfano wa (9) si ule tena. Kila namba iliyotajwa ndani ya matini ilitafutwa kwa Ctrl na F na kulinganishwa na mfano wenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Ikisiri mbili

Ya Kiingereza iliandikwa kwanza. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo maudhui yaleyale huchukua maneno mengi zaidi kwa Kiingereza. Ukiikamilisha ya Kiswahili kwa maneno 198 kisha ukaihamishia Kiingereza, itavuka 200 na utaanza kufuta matokeo. Idadi ya mafundi, idadi ya istilahi na jina la nadharia vilinganishwe katika ikisiri zote mbili na katika matini. Watathmini huanzia hapo, na namba zinazopingana huwapa shaka kabla hawajafika ukurasa wa pili.

Kiolezo, hatimaye

Matini ilipofika 5,700, kiolezo kilifunguliwa. Swali la kwanza ni namna ya kubandika. `Keep Text Only` inaonekana safi, lakini inafuta italiki za istilahi zote na kuyaua marejeleo ya Zotero kwa mpigo mmoja. Tumia `Use Destination Styles`: kama vichwa vyako vilipangwa kwa mitindo ya Word, `Heading 1`, `Heading 2`, `Normal`, vitavaa sura ya kiolezo vyenyewe. Kama vilikuzwa kwa mkono tu, kwa herufi nzito na saizi 14, Word haijui kwamba ni vichwa, na itabidi uvipe mtindo kimoja kimoja. Mitindo ya ziada uliyokuja nayo usiitumie. Mhariri wa mpangilio ataiondoa tu.

Mifano ya mistari mitatu ndiyo iliyoharibika zaidi. Maneno yalikuwa yamelinganishwa juu na chini kwa kitufe cha Tab. Pambizo za kiolezo zilikuwa pana zaidi, mistari ikakatika mapema, na kipashio cha neno la tatu kikaangukia chini ya neno la pili. Kusukuma kwa nafasi hakusaidii, kwani ukifungua kwenye kompyuta nyingine hupotea tena. Kila mfano uliwekwa ndani ya jedwali lisilo na mistari, neno moja kwa kisanduku kimoja, na kisanduku cha kwanza kikiwa cha namba ya mfano. Kwa mifano 22 ni kazi ya jioni nzima, ila haivunjiki tena.

Halafu fonti. Kiamu kina sauti za meno ambazo huandikwa kifonetiki kwa alama ndogo chini ya herufi, kama [t̪] na [d̪]. Herufi na alama ile ni vitu viwili vilivyopandana, na fonti isiyo na alama hiyo huonyesha kisanduku kitupu au huisukuma alama pembeni. Maandishi ya kifonetiki peke yake yalipewa Charis SIL, fonti ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hii, na matini nyingine ikabaki na fonti ya kiolezo. Kisha kwenye `File`, `Options`, `Save` ilitiwa alama `Embed fonts in the file`, ili fonti isafiri pamoja na faili.

Kufuta nyayo

Tathmini fiche inahitaji zaidi ya kuondoa majina juu ya makala. Sentensi "mwandishi wa kwanza ni mzaliwa wa Matondoni na mjukuu wa fundi" iliondoka kwenye mbinu, ikibadilishwa kuwa "mmoja wa watafiti ni mzungumzaji wa Kiamu". Lamu ni ndogo. Sentensi ya awali ingemtaja mtu bila kumtaja. "Katika utafiti wetu wa awali" ikawa nafsi ya tatu yenye jina na mwaka kama chanzo kingine chochote. Shukrani na namba ya kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, vilihamia ukurasa wa kichwa, ambao hupakiwa kama faili ya peke yake.

Jina la jarida la kwanza lilitafutwa kwa Ctrl na F ndani ya makala na barua kwa mhariri, kisha likaangaliwa kwa macho kwenye vijuu na vijachini vya kurasa na kwenye jina la faili lenyewe. Jina la faili husahaulika kuliko vyote, na mhariri huliona kabla hajafungua chochote.

Mwisho ni taarifa zilizofichwa ndani ya Word: `File`, `Info`, `Check for Issues`, `Inspect Document`. Hapo huondolewa jina la mwenye kompyuta, maoni ya pembeni na mabadiliko yaliyofuatiliwa. Kifanye hiki kwenye nakala ya mwisho tu, si kwenye faili ya kazi, kwa sababu mipangilio ya Zotero nayo huhifadhiwa katika sifa za waraka na huweza kufutwa pamoja. Nakala hiyo, yenye jina lisilo na la mwandishi wala la jarida lolote, ndiyo iliyopakiwa.

Mfumo wa jarida hugeuza faili kuwa PDF na kukuomba uithibitishe. Usibofye kukubali kabla ya kufungua ukurasa wenye [t̪], mfano mrefu kuliko yote, na ukurasa wa kwanza wa marejeleo. Katika kisa hiki alama za meno zilikuwa sawa, lakini mfano mmoja wa maneno tisa ulikuwa umetoka nje ya pambizo. Uligawanywa kuwa mistari miwili ndani ya jedwali, faili ikapakiwa tena, na PDF ya pili ikathibitishwa. Siku chache baadaye makala ilirudishwa kwa kukosa neno kuu la tano. Kurudishwa kwa namna hiyo hakuhesabiwi kuwa kukataliwa: unajaza kilichokosekana na kutuma tena kwa namba ileile ya makala, bila kufungua wasilisho jipya, la sivyo mfumo utaonyesha makala mbili na mhariri atalazimika kuuliza ni ipi.